Muhuri Haujui Nywele: kusafisha vinywele na kujaza utosi kwenye picha ya mtu

Wenzetu kadhaa hawakuweza kufika siku ya mazungumzo haya, wakaomba niwaandikie. Nimeyaweka kama nilivyoyasema. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha, na pale nilipokuwa nikinyoosha kidole nimejaribu kueleza kwa maneno.

Mwenyekiti, wapiga picha wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango kama watu wenye mpango wa kutoroka, asanteni kwa kunialika.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kumkabidhi mtu picha yake, ngozi safi, macho yanang'aa, mwanga mzuri, halafu jicho la mwenye picha likaruka vyote hivyo na kutua kichwani? "Mbona nywele zangu ziko hivi?" Wewe ulitazama sura, yeye anatazama nywele. Na mtu anajua nywele zake kuliko anavyojua pua yake, kwa sababu nywele amezishika kila asubuhi.

Leo sitazungumzia ngozi, wala macho, wala meno. Nazungumzia mambo mawili tu: vinywele vinavyochomoka pembeni, na sehemu ambazo nywele zimepungua hadi ngozi ya kichwa inaonekana. Nitawaeleza namna ya kuvishughulikia bila kuacha zile alama ambazo hata mtoto anaziona. Natumia Photoshop, kwa hiyo majina ya vifaa nitayataja kama yanavyosomeka kwenye skrini. Clone Stamp nitaiita muhuri, maana ndivyo ilivyo: inachukua kipande hapa na kukigonga pale.

Na muhuri ndio mtuhumiwa wetu wa leo. Muhuri haujui nywele. Unajua kunakili tu.

Miaka mingi iliyopita nilimpiga picha bibi harusi. Ukuta wa nyuma mweupe, nywele zake nyeusi zimevutwa nyuma na kubanwa, na kwa sababu ya upepo wa nje vinywele vilikuwa vimesimama kichwa kizima. Nikasema, hii ni kazi ndogo. Nikachukua muhuri, brashi ya upana wa pikseli 80, nikachota weupe wa ukuta, nikazunguka ukingo wa kichwa kutoka sikio hadi sikio. Dakika nne. Nikajipongeza.

Mama yake alipoiona alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, "Picha ni nzuri, mwanangu. Lakini siku ile hakuvaa wigi."

[Kicheko]

Mnacheka, lakini yule mama alikuwa ameona jambo ambalo mimi fundi sikuliona. Ukingo wa nywele si mstari. Ukitoka nje kuingia ndani, kwanza unakutana na ukuta mtupu, kisha unywele mmoja mmoja, kisha nywele zinazopishana huku ukuta ukichungulia katikati, ndipo unafika kwenye nywele zenyewe zilizoshikana. Mimi nilikuwa nimekata moja kwa moja hadi kwenye nywele zilizoshikana. Ule ukanda wa kati, ambao ndio unaoliambia jicho kwamba hizi ni nywele, niliufuta wote. Kilichobaki ni kofia iliyochongwa kwa mbao.

Kwa hiyo kabla hamjashika kifaa chochote, amueni kipi kitoke na kipi kibaki. Mimi naondoa unywele mrefu unaotoka na kujikunja kurudi ndani kama kitanzi, kwa sababu jicho linaingia kwenye kitanzi kile na halitoki. Naondoa unaokata njia ya wenzake. Naondoa uliochomoka mbali na kushika mwanga ukawaka peke yake. Vile vifupi vinavyoelekea upande ule ule na nywele nyingine, naviacha. Naviacha kwa makusudi. Kama ukingo una vinywele mia, nikitoa sitini kichwa kinaonekana kimechanwa. Nikitoa mia, mama wa bibi harusi anarudi.

Sasa tuje kwenye namna ya kuvitoa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuna mtego mmoja uliowapoteza wengi.

Unywele mweusi kwenye ukuta mweupe ni pikseli nyeusi kuliko jirani zake. Hicho ndicho unachotaka kukiondoa, weusi tu. Basi fungua leya mpya tupu juu ya picha, na leya hiyo uiweke kwenye hali ya Lighten. Shika muhuri, sehemu ya Sample weka Current & Below, kisha chota ukuta ulio karibu kabisa na unywele na upite juu yake. Lighten inalinganisha ulichokigonga na kilichopo chini, na inaonyesha kile chenye mwanga zaidi. Unywele mweusi unapotea. Nywele zikiwa nyeupe au zimewaka kwa taa ya nyuma na ukuta ni mweusi, unageuza: leya inakuwa Darken, na sasa ni kile chenye giza zaidi ndicho kinachobaki.

Mtego uko wapi? Kwenye upau wa muhuri wenyewe kuna sehemu iliyoandikwa Mode, na humo mna Lighten na Darken pia. Watu wengi wanabadilisha pale, kisha wanafanya kazi kwenye leya tupu. Haifanyi kazi. Leya ni tupu, brashi haina cha kujilinganisha nacho ndani ya leya ile, kwa hiyo inagonga kama kawaida na kufunika kila kitu. Unadhani umelindwa, kumbe hukulindwa. Ukitaka leya tupu, hali unaibadilisha kwenye leya, na muhuri unabaki Normal. Nilifanya kosa hilo karibu mwaka mzima nikilaumu kompyuta.

Na hata ukipatia, Lighten ina deni lake. Kila picha ina chembechembe, hasa iliyopigwa penye mwanga hafifu. Pale pasipo na unywele, ambapo ni ukuta juu ya ukuta, kompyuta inachagua chembe yenye mwanga zaidi kati ya mbili. Ukirudia mara kumi, kila mara imechagua iliyo angavu, na ukuta pale unakuwa mweupe kidogo kuliko jirani. Ukitazama kwa kawaida huoni. Ukichapisha kwa ukubwa, unaona wingu. Dawa yake ni brashi nyembamba. Unywele una upana wa pikseli 2? Brashi iwe ya 5 au 6, si ya 80. Fuata unywele mwenyewe kuanzia ncha kuelekea kichwani, mara moja, basi.

Kuhusu ukuta ambao mwanga wake unafifia kutoka katikati kwenda pembeni, kosa la kawaida ni kuchota kutoka nje ya kichwa, mbali, kwa sababu ndiko kusiko na vinywele. Lakini kule ni kweusi zaidi. Chota kwa kuzunguka, si kwa kutoka nje: mahali palipo umbali ule ule na kitovu cha mwanga, ndipo palipo na mwanga ule ule.

Wengine mtaniuliza, kwa nini tusitumie Healing Brush? Katikati ya ukuta mtupu, itumieni, ni nzuri kuliko muhuri. Lakini mkiikaribisha kwenye nywele inaharibu. Brashi ile inaponya kwa kusoma rangi za mpaka wa mchoro wako na kuzichanganya kuingia ndani. Mpaka ukigusa nywele nyeusi, weusi unavuja kuja ukutani kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Lile doa la moshi mnaloliona kandokando ya vichwa kwenye picha nyingi, sasa mnajua limetoka wapi. Nikifika karibu na nywele, kama pikseli 10 hivi, naweka chini Healing Brush na kurudi kwenye muhuri. Kwenye unywele uliolala juu ya shavu au paji la uso ni kinyume chake: hapo Healing Brush ndiyo yenyewe, ila kwa vipande vifupi vifupi, maana ngozi ya kando ya pua si ngozi ya shavu.

Haya, vinywele nimeviacha hapo. Ugumu wenyewe uko mbele.

Alikuja kwangu mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu. Mzee wa heshima, nywele nyeusi zilizoanza kuchanganyika na mvi, na utosini zilikuwa zimepungua. Taa yangu ya juu, kwa uzembe wangu mwenyewe, ilikuwa imempiga pale pale, ngozi ikang'aa. Aliniomba, kwa aibu kidogo, "Hapa juu, kama unaweza, ufunike kidogo." Akasema kidogo. Mimi nikasikia yote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba ufa na bado nikajenga ukuta. Nilichota nywele nene za pembeni kwa muhuri, nikagonga utosini, nikagonga tena, nikagonga tena. Picha ikachapishwa kubwa, ikatundikwa siku ya kumuaga. Mjukuu wake, mtoto wa miaka saba au minane, akasimama mbele yake, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Babu ana mvi tatu zinazofanana. Hii, na hii, na hii."

Sikutaka kuangalia, lakini niliangalia. Mvi moja iliyopinda kama ndoano ilikuwa imejirudia mara tatu.

Tangu siku ile nimejiuliza, kwa nini muhuri unasalitiwa upesi hivi kwenye nywele, na kwenye mchanga au nyasi unapona? Nimefikia jibu hili. Muhuri haunakili nywele. Unanakili nywele pamoja na mwanga uliozipiga, pamoja na upande zilipoelekea, pamoja na kila mvi na kila mpishano uliokuwamo. Nywele za pembeni ya kichwa zinaanguka kwenda chini na mwanga unazigusa kwa ubavu. Nywele za utosi zimelala, nyingine zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo, na mwanga unatoka juu. Ukizihamisha, umehamisha uongo wote kwa pamoja.

Kwa hiyo mimi naitenganisha kazi mara tatu. Kwanza kivuli, kisha mafungu, mwisho unywele mmoja mmoja. Kivuli, mafungu, unywele. Na kwa kweli, ndugu zangu, kivuli peke yake ni zaidi ya nusu ya kazi.

Tuichukue picha moja tuifanye mwanzo hadi mwisho. Ni mwanamke wa makamo, nywele ndefu nyeusi zenye mawimbi mepesi, amezigawa katikati. Picha imesimama, pikseli 4000 kwa 6000. Taa kuu inatoka kushoto kwetu, juu kidogo. Mstari wa kugawia nywele unaanza mwembamba kwenye paji la uso, unapanuka ukielekea utosini hadi pikseli kama 60, na upande wa kushoto wa mstari kuna eneo la kiganja cha mtoto ambalo ngozi inachungulia.

Kwanza napima. Kichwa chake, kutoka kidevu hadi utosi, kinachukua kama pikseli 3000. Kichwa cha mtu mzima kwa urefu huo ni sentimita 23 hivi. Gawanya, unapata kwamba pikseli moja ni chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Na unywele wa mtu una unene unaokaribia huo huo. Maana yake nini? Maana yake kwenye picha hii unywele mmoja ni pikseli moja, na kwa sababu lenzi inatawanya kidogo, tuseme mbili. Sasa mnaelewa kwa nini nywele zilizochorwa kwa brashi ya pikseli 6 zinaonekana kama tambi. Pimeni kabla hamjachora.

Kivuli. Nafungua leya mpya, hali yake naiweka Darken. Nachukua brashi laini ya kawaida, si muhuri, Flow asilimia 10. Rangi sichagui kwenye jedwali la rangi. Nashika Alt na kubofya kwenye nafasi iliyo kati ya nywele mbili, pale penye weusi wa kina, jirani kabisa na sehemu iliyopungua. Kisha napaka polepole juu ya ngozi inayoonekana. Kwa nini Darken? Kwa sababu nywele zilizopo tayari zinakaribia weusi wa rangi yangu, hivyo hazibadiliki sana. Ngozi, ambayo ni angavu, ndiyo inayoshuka zaidi. Kila unywele wa kweli unabaki karibu ulivyokuwa, na ule mng'ao uliokuwa ukipiga kelele nyuma yake unanyamaza.

Jicho haliambiwi "hapa nywele ni chache" na idadi ya nywele. Linaambiwa na tofauti kati ya ngozi na nywele. Punguza tofauti, na nywele zile zile zinaonekana nyingi.

Lakini simalizii hadi ngozi ipotee. Ukifunika yote kwa rangi moja, kichwa kinakuwa kimepakwa dawa ya viatu. Nikishapaka, nashusha Opacity ya leya hadi mahali fulani kati ya 30 na 50. Kwa mwanamke huyu niliacha 45. Na kwenye mstari wenyewe wa kugawia nywele nilipaka kutoka kingo zote mbili kuja ndani, nikaacha katikati wazi, kama pikseli 25. Mstari ukiuziba kabisa, nywele zinakuwa zimegawanyika bila kugawanywa. Hakuna atakayejua kasoro ni nini, lakini kila mtu atahisi.

Kwa mwenye nywele nyeupe au rangi ya dhahabu kivuli hiki hakifai sana, maana ngozi yake haizidi nywele kwa mwanga. Inazizidi kwa wekundu. Kwake napaka rangi ya nywele kwenye leya ya hali ya Color, kwa Opacity ndogo, wekundu unaondoka na mwanga unabaki ulivyo.

Sasa mafungu. Hapa ndipo ninapoazima nywele, lakini si kwa muhuri. Nachukua Lasso, naizungushia fungu refu la nywele, kama pikseli 400 kwa urefu, lililo upande ule ule wa mstari, chini tu ya sehemu iliyopungua. Upande ule ule, kwa sababu taa inatoka kushoto. Ukichukua fungu la kulia na kuligeuza kama kwenye kioo, mwanga wake utatoka kulia, na kichwa kimoja kitakuwa na jua mbili. Nachagua fungu lisilo na kitu cha kukumbukwa: lisiwe na mng'ao mkali, lisiwe na mvi iliyopinda kama ndoano. Mnajua kwa nini.

Feather pikseli 8, narudi kwenye leya ya picha yenyewe, kisha Ctrl+J, fungu linapata leya yake. Ctrl+T, nabofya kitufe cha kulia cha kipanya, nachagua Warp, na kulipinda lifuate njia ya nywele za pale linapokwenda. Mzizi wake uangukie kwenye mstari wa kugawia, ncha yake ipotelee ndani ya nywele nene. Kisha naweka maski nyeusi, kwa kushika Alt na kubofya alama ya maski, fungu lote linatoweka. Nalirudisha kidogo kidogo kwa brashi nyeupe nyembamba, pikseli 4 hadi 8, nikivuta kwa mwelekeo wa nywele. Kwa mwelekeo wa nywele, jamani, si kwa kupaka duara duara. Maski iliyopakwa duara inaacha kingo za duara, na hizo ndizo zile alama tunazozikimbia. Maski iliyovutwa kwa mistari inaacha kingo zinazofanana na nywele.

Kwa picha ile nilitumia mafungu mawili tu, kutoka mahali pawili tofauti. Moja likirudiwa mara mbili, hata likipindwa, jicho linalikamata.

Mwisho, unywele mmoja mmoja. Leya mpya, Normal. Brashi ya pikseli 2, Hardness karibu 80. Kwenye Brush Settings, sehemu ya Shape Dynamics, naweka Control iwe Pen Pressure, kwa sababu nina kalamu ya kuchorea. Usiye na kalamu, weka Fade, jaribu 300 kisha ongeza au punguza hadi ncha ifike inapotakiwa kufika. Utaanza na mzizi mnene na kumaliza na ncha inayofifia, na unywele ndivyo ulivyo. Chora kwa mkono mmoja mwepesi, usisitesite. Unywele uliochorwa kwa woga unatetemeka.

Kuna jambo la kimaumbile linalosaidia sana hapa. Nywele hazioti moja moja kwa nafasi sawa kama miche ya mpunga. Zinaota kwa vikundi, moja hadi nne kutoka tundu moja au matundu yaliyosogeleana. Basi chora mbili zinazotoka karibu pamoja na kuachana njiani, ruka nafasi, chora moja, ruka kidogo, chora tatu. Na rangi ziwe tatu, zote zikiwa zimechotwa pichani: nyeusi ya kina, ya kati, na chache za angavu. Zile angavu zisianzie kwenye mzizi. Ziwekwe pale ambapo utepe wa mng'ao unapita kwenye nywele za jirani, ili utepe uendelee usikatike. Kwa mwanamke huyu nilichora kama nywele 40. Arobaini tu. Nilipokuwa kijana ningechora mia nne.

Zikishachorwa zinaonekana kali kuliko picha yenyewe, kwa sababu hazikupita kwenye lenzi. Napeleka Gaussian Blur ya 0.4 kwenye leya ile, kisha Add Noise asilimia 1, nimeweka alama kwenye Gaussian na Monochromatic. Hesabu hizo ni za picha hii. Yako ikiwa na chembe zaidi, ongeza hadi nywele zako zisitofautiane na za jirani ukitazama kwa asilimia 100.

Mpaka hapa nimezungumzia nywele zinazolala. Kwa nywele za kipilipili, tupeni nusu ya niliyosema. Ule ukungu mwororo unaozunguka kichwa chenye nywele za kipilipili si uchafu. Ndio ukingo wenyewe wa nywele, na anayeusafisha anampora mtu umbo lake. Toa nyuzi za nguo na vumbi, basi. Na kwenye kujaza, usichore mistari, maana hakuna mstari pale, kuna vipindo. Kivuli kinafanya kazi vile vile, kisha mafungu madogo madogo kutoka jirani, kila moja ukilizungusha nyuzi 10 au 15, si zaidi, ili vipindo visijirudie na mwanga usigeuke. Hapo hata muhuri nauruhusu, kwani paneli ya Clone Source ina sehemu ya kuzungusha unachochota.

Nitajuaje kama nimeacha alama? Naweka leya ya Curves juu ya kila kitu na kuuvuruga mstari wake uwe kama wimbi linalopanda na kushuka mara mbili tatu. Picha inakuwa ya kutisha, usimwonyeshe mwenyewe. Lakini kila wingu ukutani, kila doa la moshi, kila duara la brashi linajitokeza waziwazi. Narekebisha huku leya ile ikiwa imewashwa, kisha naifuta. Halafu naigeuza picha nzima kama kwenye kioo kwa Flip Canvas Horizontal. Jicho lililoizoea picha kwa saa nzima linashtuka, na kwa sekunde tatu za kwanza linaona kama jicho la mgeni. Zile sekunde tatu ndizo za thamani. Popote linapokimbilia kwanza, hapo pana kasoro. Nikimaliza naigeuza irudi ilivyokuwa; nimewahi kusahau, na mteja akauliza kwa nini kovu lake limehamia shavu la pili.

Na ukiwa na picha ya kitambulisho au pasi ya kusafiria, haya yote yaache. Pale kazi ya picha ni kufanana na mtu atakayesimama mbele ya dirisha la ofisi.

Yule mwanamke wa mstari wa katikati alikuja kuchukua picha yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Nikawa tayari kusifiwa. Akasema, "Ni mimi, lakini ni mimi wa miaka kumi iliyopita. Nipunguzie."

Sikuchukia, kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye leya yake. Nilishusha leya ya kivuli kutoka 45 hadi 30, nikaizima leya ya fungu la pili, nikabakiza zile nywele arobaini. Haikuchukua hata dakika moja, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akitazama. "Hapo," akasema. "Hapo hapo, usiguse tena."

Sikugusa tena. Sasa nipeni maswali. Wewe kijana wa karibu na mlango, uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Lighten, anza wewe.